Mimi sikukutwa na VVU, na virusi vya mume wangu "havionekani": kipimo kipi tukiamini?

Mheshimiwa Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mdogo ana miaka sita, na ninaishi Morogoro. Tarehe 5 Oktoba nilikuta kadi ya kliniki ya CTC katika mfuko wa koti la mume wangu. Nilipomuuliza hakukana. Alipimwa akakutwa na VVU mwezi Agosti mwaka juzi, akaanzishiwa dawa mwezi huohuo, na muda wote huo hakuniambia. Kadi ina majibu matatu ya wingi wa virusi: Februari mwaka jana 3,200, Juni mwaka jana "chini ya 20", na Juni mwaka huu "TND". Yeye anasema maana yake amepona. Katikati ya Septemba alinunua kipimo cha kujipima cha fizi, kikaonyesha mstari mmoja tu, na tangu siku hiyo ameacha kumeza dawa. Mara ya mwisho tulikutana bila kondomu tarehe 4 Oktoba.

Tarehe 13 Oktoba nilikwenda kituo cha afya, nikachomwa kidole, nikaambiwa sina maambukizi. Muuguzi alisema nirudi baada ya miezi mitatu, lakini foleni ilikuwa ndefu na hakunieleza sababu. Kama sina, narudi kufanya nini? Nimesikia pia kwamba maabara kubwa zina kipimo kinachotoa jibu mapema, ni kweli? Na mume wangu amepona au hajapona?

Mama wa wawili, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Mume wako hajapona, na inambidi arudi kliniki kesho asubuhi bila kusubiri tarehe yake ya kawaida. Wewe nawe usitupe jibu la tarehe 13 Oktoba, kwa kuwa linakueleza mambo mengi kuhusu miaka miwili iliyopita. Ila kuhusu majuma matatu ya mwisho kabla hujaiona kadi, jibu hilo haliwezi kusema lolote, na majuma hayo ndiyo yenye hatari. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, kisha tuzipitie tarehe zako moja baada ya nyingine.

Kipimo ulichofanyiwa hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili wako mwenyewe huzitengeneza baada ya kukutana na VVU. Pengine ulikiona mezani: kibao kidogo cha plastiki chenye kidimbwi cha kuwekea damu na kidirisha chenye herufi C na T. Tone la damu linawekwa kwenye kidimbwi, yanafuata matone machache ya dawa ya kusukuma, kisha mchanganyiko unasafiri polepole juu ya utepe mweupe. Mahali penye herufi T pamepakwa vipande vya protini za VVU zilizotengenezwa maabara. Kama damu ina kingamwili zinazovitambua vipande hivyo, zinanasa pale pamoja na chembe za rangi, na mstari unajitokeza. Mstari wa C unathibitisha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, jibu linatupwa na mtu anapimwa upya. Mstari hafifu wa T nao unahesabiwa kuwa ni mstari, na muda wa kusoma una mpaka wake. Kipimo cha Bioline, ambacho kwa miaka mingi ndicho kilichotangulia katika vituo vyetu vingi, husomwa kati ya dakika 10 na 20, na anayekirudia baada ya saa nzima anaweza kuona kitu ambacho hakikuwapo.

Kwa hiyo jibu lako lina maana moja tu: siku ile damu yako haikuwa na kingamwili za kutosha kuonekana. Mtu ambaye hajaambukizwa hana kingamwili hizo, na mtu aliyeambukizwa juzi naye bado hana. Kipimo hakiwezi kuwatenganisha hawa wawili, hata kama muuguzi amefanya kila kitu sawasawa.

VVU vikiingia mwilini kwa njia ya kujamiiana, siku kumi hivi za mwanzo vinazaliana ndani ya tishu na matezi, wakati katika damu hakionekani kitu kwa kipimo chochote, hata kile cha gharama kubwa kabisa. Kisha virusi humwagika katika damu, na hapo mashine inayosoma chembe zao za urithi inaanza kuviona. Siku chache baadaye virusi vinakuwa vingi kiasi kwamba hata protini ya ganda lao la ndani, inayoitwa p24, inaweza kunaswa. Hiyo ndiyo antijeni inayotafutwa na vipimo vya kizazi cha nne. Kingamwili huja mwishoni, kwa watu wengi kuanzia juma la tatu au la nne, na kwa wachache huchelewa zaidi ya hapo. Muda kati ya siku ya kuambukizwa na siku ambayo kipimo fulani kinaweza kuona ndio unaoitwa kipindi cha dirisha, na kama unavyoona, urefu wake unategemea kipimo chenyewe kinatafuta nini.

Kwa kipimo cha kingamwili cha kuchoma kidole, dirisha ni kati ya siku 23 na 90. Idadi ya kwanza ni ya wale wanaowahi kabisa, na ya pili ndiyo ambayo baada yake tunaweza kusema kwa uhakika kwamba kama kitu kingekuwapo kingeonekana. Kwa kipimo cha maabara kinachotumia damu ya mshipa na kutafuta antijeni ya p24 pamoja na kingamwili, dirisha ni siku 18 hadi 45. Kwa hiyo ulichosikia ni kweli: kipo kipimo kinachofupisha kungoja kwa nusu. Hospitali kubwa na vituo vya damu salama hutumia vipimo vya aina hiyo. Ukienda kuulizia, usiulize kama wana "kipimo kipya" wala "kipimo kikali", kwa kuwa utajibiwa ndiyo kila mahali. Uliza hivi: je, kipimo hiki kinatafuta antijeni ya p24 pamoja na kingamwili, na damu inatolewa kwenye mshipa? Maswali mawili haya yanatosha. Vipo pia vibao vya kuchoma kidole vinavyotafuta p24, lakini uwezo wao wa kuinasa ni mdogo kuliko wa mashine, na ndiyo maana kwa hivyo tunangoja siku 90 zilezile.

Kuna jambo linalowashangaza wengi kuhusu p24. Antijeni hiyo huonekana kwa muda mfupi tu, kwa sababu kingamwili zikishatokea huing'ang'ania na kuifunika, na kipimo hakiioni tena vizuri. Ndiyo sababu haitafutwi peke yake. Kipimo cha maabara kinatafuta vyote viwili ili kimoja kikififia, kingine kiwe kimeshajitokeza.

Sasa tuje kwenye tarehe zako. Umepimwa tarehe 13 Oktoba. Ukirudi nyuma siku 90 unafika tarehe 15 Julai. Kila mlipokutana kimwili kabla ya tarehe hiyo, kipimo chako kimepajibu: hukuambukizwa. Hili si jambo dogo, kwa kuwa ndani yake umo muda wote kabla hajaanza dawa na miezi ile ya Februari mwaka jana ambapo kadi yake inasoma 3,200. Huo ndio muda ambao damu yake ilikuwa na virusi vya kuweza kukuambukiza, na umeuvuka ukiwa salama.

Kuanzia tarehe 15 Julai hadi katikati ya Septemba, kipimo chako hakina uhakika, lakini kadi yake inazungumza kwa niaba yako. Jibu la Juni mwaka huu lilikuwa TND, yaani mashine haikukuta chembe yoyote ya kile ilichotumwa kukitafuta. Ikiwa aliendelea kumeza dawa kila siku hadi siku ile aliyojipima, basi hakuwa na virusi vya kukuambukiza kwa njia ya kujamiiana. Nasema "ikiwa" kwa makusudi, kwa kuwa hapo tunategemea neno lake, na mtu aliyeficha kadi miaka miwili hataaminiwa kwa siku moja. Lakini tarehe alizochukulia dawa zimeandikwa kliniki, na mkienda pamoja anaweza kuomba zisomwe mbele yako.

Inabaki katikati ya Septemba hadi tarehe 4 Oktoba. Katika majuma hayo hakuwa akimeza dawa, kwa hiyo jibu la Juni halina kazi tena, maana kipimo cha wingi wa virusi husema habari ya siku damu ilipotolewa na ya siku zinazofuata iwapo tu dawa zinaendelea. Watu wengi wakiacha dawa, virusi hurudi kuonekana katika damu ndani ya majuma mawili hadi manne. Kwa hiyo siku za mwisho za Septemba na mwanzo wa Oktoba ndizo zinazonitia wasiwasi. Kwa tendo la tarehe 4 Oktoba, ulipopimwa tarehe 13 zilikuwa zimepita siku tisa. Siku hiyo hata mashine ya wingi wa virusi ingeweza kukuambia huna kitu, na isingekuwa imekosea kazi yake.

Kwa hesabu hiyo, ukipima kwa damu ya mshipa katika maabara yenye kipimo cha antijeni na kingamwili, siku ya 45 ni tarehe 18 Novemba. Jibu la siku hiyo au baada yake, kama hamjakutana tena bila kinga, linakutosha. Ukikikosa kipimo hicho, basi cha kidole ukifanye kuanzia tarehe 2 Januari, ambayo ndiyo siku ya 90. Miezi mitatu aliyokutajia muuguzi ndiyo hii, na alikuwa sahihi. Kuhesabu kunaanza siku ya mwisho ya hatari, si siku uliyokwenda kupima. Mkikutana tena bila kinga tarehe 30 Oktoba, kalenda yote inaanza upya.

Kabla ya hapo, ukipata homa, koo kuuma, vipele mwilini au matezi kuvimba shingoni, usimeze dawa za malaria kwa kukisia. Dalili hizo huweza kutokea majuma mawili hadi manne baada ya kuambukizwa, na kwa sura zinafanana mno na malaria au mafua makali, kiasi kwamba hakuna daktari anayeweza kuzitofautisha kwa macho. Nenda ukapime malaria, na umwambie mhudumu waziwazi kwamba ulikuwa na hatari ya VVU tarehe 4 Oktoba, ili aone kama unafaa kupimwa mapema kwa njia nyingine. Mtu aliye katika hatua hiyo huwa na virusi vingi sana katika damu, mara nyingine mamilioni kwa kila mililita, huku kipimo cha kidole bado kinaonyesha mstari mmoja. Kwa sababu hiyohiyo nakuomba usichangie damu hadi upate jibu la mwisho.

Sasa mume wako. Vipimo viwili vimempa majibu yanayofanana kwa sura, na yeye ameyajumlisha. Hayajumlishiki, kwa kuwa kila kimoja kilitafuta kitu chake.

Kipimo cha fizi kinatafuta kingamwili, kama kile chako. Anayekagua shamba kwa kutazama nyayo za ng'ombe anaweza kujua kwamba waliingia, lakini hawezi kujua kama bado wamo wala ni wangapi. Na mvua ikinyesha nyayo zikafutika, hawezi kuapa kwamba ng'ombe hawapo. Kingamwili ziko hivyo. Mwili huendelea kuzitengeneza kwa wingi kwa sababu virusi vinaendelea kuuchokoza. Dawa zikivizima virusi kwa muda mrefu, uchokozi unapungua na kingamwili nazo zinaweza kushuka. Majimaji ya fizi tangu mwanzo yana kingamwili chache kuliko damu, hivyo kwa baadhi ya watu walio kwenye dawa zinashuka hadi kipimo cha fizi hakizioni. Hili linajulikana, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba mtu anayetumia ARV asijipime kwa kipimo hicho, kwani kinaweza kumwambia hana VVU wakati anavyo. Mume wako alitumia kipimo kizuri, lakini hakikutengenezwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Sijui pia kama alingoja dakika 20 kabla ya kusoma, au kama aliufuta utepe kwenye fizi ya juu na ya chini kama inavyotakiwa, lakini hata kama alifanya vyote hivyo, jibu lake lisingebadilisha ushauri wangu.

Pengine atakuambia kwamba tangu mwanzo walimkosea, kwamba hakuwahi kuwa na VVU. Mwonyeshe mstari wa kwanza wa kadi yake. Februari mwaka jana mashine ilihesabu nakala 3,200 za virusi katika kila mililita ya plazma yake, yaani ile sehemu ya maji ya damu. Kipimo hicho hakisomi kingamwili. Kinasoma chembe za urithi za virusi vyenyewe. Damu isiyo na VVU haitoi 3,200.

Na kwa nini Juni mwaka huu haikuona kitu? Kwa sababu dawa zilifanya kazi. Kidonge kimoja ambacho wengi nchini wanameza sasa, chenye tenofovir, lamivudini na dolutegraviri, huvizuia virusi visijizalishe, na vile vilivyomo katika damu vinakwisha. Lakini kirusi kina tabia moja mbaya: hujichomeka ndani ya vinasaba vya seli za kinga, na baadhi ya seli hizo hulala kwa miaka mingi bila kutoa virusi. Dawa hazizifikii zikiwa zimelala, na mashine inayopima plazma haizioni, kwa kuwa yenyewe inahesabu virusi vinavyoelea katika damu tu. Dawa zikikatizwa, seli chache tu zikiamka zinatosha kuanzisha kila kitu upya. "Havionekani" ni habari ya damu iliyo chini ya ulinzi wa dawa. Ulinzi ukiondolewa, habari inabadilika.

Umeniuliza pia, bila kusema waziwazi, tofauti ya "chini ya 20" na TND. Kila mashine ina kiwango cha chini inachoweza kuhesabu kwa uhakika. Kwa baadhi ni nakala 20, kwa nyingine 40. "Chini ya 20" ina maana iliona dalili kidogo lakini haiwezi kuzihesabu. TND ina maana haikuona dalili kabisa. Kwa matibabu na kwa usalama wa mwenza, majibu yote mawili ni mazuri, na mtu akitoka TND akaenda "chini ya 20" hana sababu ya kukosa usingizi.

Hata hivyo huwa nasikia wagonjwa wakiuliza: kama nasikia mzima, dawa nameza, kwa nini wanitoe damu tena? Kadi ya mume wako inajibu. Kwa utaratibu wa kawaida damu ya wingi wa virusi inatolewa miezi sita baada ya kuanza dawa, tena ikifika miezi 12, kisha kila mwaka. Jibu lake la miezi sita lilikuwa 3,200. Naamini siku hiyo alijisikia mzima kabisa, na kama wangemtazama kwa macho, au kumpima uzito, wangemwambia aendelee vivyo hivyo. Hata kipimo cha CD4 huchelewa kushuka, kwa kuwa askari wa mwili hupungua baada ya virusi kuongezeka, si kabla. Wingi wa virusi ndio unaopanda kwanza, miezi mingi kabla mtu hajaugua. Na virusi vinavyozaliana wakati dawa ipo nusunusu mwilini ndivyo vinavyojifunza kuishi nayo. Usugu ukishaingia, kidonge kilekile kinaweza kumezwa kila siku kisisaidie.

Kwa hiyo jibu likiwa juu ya 1,000, kliniki haikimbilii kubadili dawa. Inamwita mtu, inakaa naye kwa ushauri nasaha wa ufuasi wa dawa, kisha inampima tena baada ya miezi mitatu hivi ya kumeza vizuri. Katika mazungumzo hayo hutafutwa mambo madogo ambayo hayamo kwenye kadi. Je, dawa zilikuwa zimefichwa mahali ambapo mke hawezi kuziona, kiasi kwamba siku nyingine alishindwa kuzichukua? Je, alikuwa akitafuna vidonge vya kiungulia? Vile vyenye aluminiamu na magnesiamu huishika dolutegraviri tumboni na kuizuia isiingie katika damu, na inabidi dawa imezwe saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu navyo huleta shida hiyohiyo vikimezwa pamoja nayo tumbo likiwa tupu. Sijui kwake kilikuwa nini, lakini kilipatikana na kurekebishwa, kwa kuwa Juni alishuka chini ya 20 kwa dawa zilezile. Hilo linatueleza kwamba virusi vyake havikuwa sugu wakati ule, na ni sababu nyingine ya kumharakisha arudi sasa.

Sababu ya pili ya kufuatilia wingi huo inakuhusu wewe moja kwa moja. Wilayani Rakai, Uganda, watafiti walizifuatilia jozi 415 za wenza ambao mmoja alikuwa na VVU na mwingine hana, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2000, kabla dawa hazijasambaa katika vijiji vyetu. Waligundua kwamba wingi wa virusi katika damu ndio uliotawala nani anaambukizwa. Miongoni mwa wale 51 waliokuwa na nakala chini ya 1,500, hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Baadaye utafiti wa PARTNER barani Ulaya, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuata wenza waliokutana kimwili bila kondomu takriban mara 58,000 huku mwenye VVU akiwa na virusi vilivyodhibitiwa kwa dawa, na hapakupatikana hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza huyo. Mwezi Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliandika wazi kwamba mtu anayemeza dawa kama alivyoelekezwa, na ambaye virusi havionekani, hana hatari ya kumwambukiza mwenza wake kwa kujamiiana. Pengine ndiyo maana wewe, uliyelala kitanda kimoja naye bila kujua, hukukutwa na kitu. Ametenda kosa kukuficha, na una haki ya kuumia, lakini vidonge alivyovimeza kwa siri vilikulinda hadi siku aliyoviacha.

Hatua zenu ni hizi. Arudi CTC na aseme ukweli mtupu: tarehe aliyoacha, kwa sababu gani, na kipimo alichotumia. Akificha, atapimwa damu ambayo jibu lake litasomwa vibaya, na anaweza kudhaniwa ana usugu wakati hakumeza tu. Watamrudishia dawa, watamshauri, na watampangia kipimo cha wingi wa virusi baada ya kumeza kwa muda wa kutosha. Hadi jibu hilo lirudi likisema havionekani, tumieni kondomu kila mara. Kuhisi nafuu kwake, au kuahidi kwake, hakuwezi kuchukua nafasi ya jibu hilo.

Wewe ukiwa naye pale kliniki, ulizia dawa kinga kwa ajili yako, zile zinazopewa mtu asiye na VVU mwenye mwenza anayeishi navyo. Watakupima kabla ya kukupa, na uwatajie tarehe 4 Oktoba, kwa sababu mtu aliye dirishani akianza dawa kinga anaweza kuchelewesha kingamwili zisitokee kwa wakati wake, na jibu likawa gumu kusoma. Wanaweza kukuambia usubiri kidogo au wakakurudia kipimo baada ya mwezi. Kuna pia dawa za dharura za siku 28, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72 baada ya hatari. Kwa tendo la tarehe 4 muda huo ulikwisha tarehe 7, lakini kondomu ikipasuka siku yoyote kabla jibu la mume wako halijarudi, usingoje kuche. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Siku ya kipimo chako cha mwisho, kama mstari wa T utajitokeza, usiondoke na jibu la kibao kimoja. Kipimo kimoja kikionyesha mstari hakimtangazi mtu kuwa na VVU. Hufuatwa na cha aina nyingine, na tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri majibu matatu mfululizo ya vipimo tofauti ndipo itamkwe kwamba mtu anavyo. Ukithibitishwa, utaanzishiwa dawa haraka iwezekanavyo, mara nyingi siku ileile. Na kama hakuna mstari tarehe 18 Novemba kwa damu ya mshipa, au tarehe 2 Januari kwa kidole, na hamkukutana bila kinga tangu tarehe 4 Oktoba, jibu hilo ndilo la mwisho kwa yote yaliyotangulia, na huna haja ya kulirudia kwa ajili yake tena.